Mtafsiri aliyeua utani wa feni ili tangazo langu lichekeshe

Nina duka la vifaa vya umeme pande za Mwembe Tayari, Mombasa, na kaskazi ikikaribia, feni ndizo zinazonilipia kodi. Safari hii msambazaji wetu wa Nairobi alikubali kugharamia tangazo la redio la sekunde 30, kwa sharti kwamba tutumie skripti yake ya Kiingereza, tuigeuze tu kwa Kiswahili. Hiyo "tu" ndiyo iliyonifikisha kwa mtafsiri ninayemweleza hapa. Nampa nyota nne kati ya tano.

Kwanza muijue skripti yenyewe. Kwa Kiingereza feni na shabiki ni neno moja, kwa hiyo tangazo lilianza kwa kujisifu kwamba feni hizi zina mashabiki nchi nzima. Likaendelea kuahidi kuwa utakaa mtulivu kama tango, kisha likamalizia kwa kumwambia msikilizaji asitoe jasho, ambavyo ndivyo wanavyosema wenyewe wakimaanisha usijali. Kwa Kiingereza lilikuwa linachekesha kweli, sikatai.

Ofisi ya kwanza niliyoipelekea hutoza kwa neno. Ilinirudishia "feni zetu zina mashabiki" na "utapoa kama tango", sarufi imenyooka, nukta na mkato mahali pake. Nikamsomea fundi wangu. Akauliza tumeanza lini kuuza mboga.

Huyu wa pili ni mama wa Mji wa Kale aliyewahi kuandika vipindi vya redio. Kwa neno hatozi; alitaka shilingi 15,000 kwa kazi nzima, pamoja na marekebisho mara mbili. Kabla ya kuigusa skripti alinikalisha na maswali. Feni hununua mume au mke? Huja saa ngapi? Akiingia dukani, neno lake la kwanza ni lipi? Nikamwambia wengi huja asubuhi, macho mekundu, na husema vilevile: jana hatukulala. Hilo aliliandika, mengine yote akayasikiliza tu.

Kisha akachukua kalamu nyekundu akapiga mstari chini ya vitu visivyoguswa: jina la feni, bei, waranti ya miaka 2, mahali duka lilipo, na neno moja dogo ambalo ofisi ya kwanza ililiacha nje. Kiingereza kilisema feni huokoa hadi nusu ya umeme unaotumiwa na feni za kawaida zilizotajwa kwenye karatasi ya kiwanda. Bila "hadi", tangazo linaahidi jambo ambalo kiwanda hakikuahidi, na Kenya ina sheria ya kumlinda mnunuzi ya mwaka 2012 inayokataza kumpa mteja maelezo ya uongo. "Mzaha tutazidisha tutakavyo," akaniambia, "lakini namba, mwanangu, hazina mzaha."

Baada ya hapo akaiweka skripti ya Kiingereza pembeni kabisa. Alichoniletea kilianza hivi:

MKE: Baba Zuhura, huo mkeka waupeleka wapi saa hizi?
MUME: Barazani. Ndani hakulaliki.
MKE: Na mbu je?
MUME: Afadhali mbu, akishiba huondoka. Joto halishibi!

Halafu mlio wa feni, na msomaji anaingia na bei. Mashabiki hawamo, tango halimo. Nilipomuuliza, alisema hakuna haja ya kuuokoa utani ulioegemea bahati ya neno moja la lugha nyingine. Utani ule ulikuwa na kazi mbili: kumfanya mtu atabasamu ndani ya sekunde chache za mwanzo asije akabadilisha stesheni, na kuhakikisha kinachomchekesha ni feni yenyewe, si kitu cha kando. Kazi hizo ndizo alizozitafsiri. Mbu na joto wanagombania usingizi wa mtu yuleyule anayeingia dukani kwangu asubuhi, kwa hiyo kicheko na haja ya kununua vinatoka mahali pamoja.

Mstari wa mwisho ndio pekee uliobaki karibu na asili. Jasho kwetu halina maana ya wasiwasi, ila lina yake: mtu hula jasho lake. Rasimu ya kwanza ilisema, "Jasho ni la kazini, si la kitandani." Mimi niliupenda. Mama akasema tusiamini masikio yetu wawili, tukausomee watu ambao hawajawahi kuiona skripti ya Kiingereza. Hakutaka tuwaulize kama wameupenda, maana mtu mstaarabu atakwambia mzuri tu. Tuliwauliza tangazo linauza nini, na wangemsimulia vipi mwenzao. Vijana wa tuktuk nje ya duka wakapasuka kwa kicheko, na si kuhusu feni. Mteja mmoja aliyekuwa na mkwewe akageuka kutazama nyaya ukutani. Tangazo la mchana, watoto wanasikia, bibi yuko jikoni: haliendi. Akaubadilisha ukawa, "Jasho ni la kutafutia, si la kulalia." Umekaa kama jina la leso, na yule mteja wa baadaye aliyekuja kununua balbu alitoka akiurudia mwenyewe.

Kuhusu urefu, kama unaagiza kazi ya namna hii, usihesabu maneno. Skripti ya Kiingereza ya sekunde 30 huwa na maneno kama 75. Kwa Kiswahili "sitakuambia" ni neno moja, lakini mdomo unafanya kazi ya matano. Tafsiri ya ofisi ya kwanza ilikuwa na maneno machache kuliko asili, na bado ilipita sekunde 40 ukiisoma kwa pumzi za kawaida. Mama alisoma kila rasimu kwa sauti, simu ikihesabu, na akalenga sekunde 27 ili kicheko kipate nafasi baada ya "halishibi". "Vigezo na masharti kuzingatiwa" peke yake inakula karibu sekunde tatu. Akaweka "masharti yapo" na msambazaji akakubali.

Kumridhisha msambazaji kulihitaji karatasi ya safu tatu: Kiingereza cha asili, Kiswahili, na maelezo ya Kiswahili hicho kwa Kiingereza pamoja na sababu. Meneja alisoma safu ya tatu akapiga simu kuuliza mbu wanahusianaje na feni. Tulimchezea rekodi, karani wake wa Kwale akacheka kwa nguvu, mjadala ukaisha.

Sasa nyota ya tano. Msambazaji alilipenda tangazo akataka lirushwe Nairobi na Kisumu pia, na hapo ndipo lilipokwama. Kule hakuna anayelala barazani kwa mkeka, na "waupeleka wapi" ni Kimvita kitupu. Mama alipaswa kuuliza mapema redio zipi zitalirusha. Aliuliza kila kitu isipokuwa hilo. Toleo la bara analihesabu kuwa kazi mpya, kwa bei mpya.

Bei yake pia haijumuishi sauti. Waigizaji wawili na studio ni juu yako, na usikubali msomaji mmoja aigize wote wawili ili uokoe pesa. Sisi tulijaribu. Baba Zuhura akasikika anagombana na nafsi yake.