Miezi 14 na WhatsApp Business: uzoefu wangu wa kuuza sambusa Lamu

Mimi nauza sambusa mbichi za friza hapa Lamu mjini, pamoja na katlesi na manda tupu kwa wanaopenda kujaza wenyewe. Sina duka. Nina friza moja, meza ya uani na simu. Kwa hivyo naandika haya kama mtu ambaye riziki yake yote hupitia kwenye WhatsApp Business, ile WhatsApp ya wenye biashara, na nitasema zaidi kuhusu matangazo ya orodha, yaani meseji moja unayowatumia watu wengi kwa mpigo, kwa sababu hapo ndipo nilipopoteza muda mwingi kabla sijaelewa mambo.

Katalogi nilianza nayo na ilinipa raha mara moja. Unaweka picha, jina, bei na maelezo mafupi, na mtu yeyote akifungua profaili yako anaiona, hata kama hajakuhifadhi kwenye simu yake. Nafasi ni ya bidhaa hadi 500. Mimi ninazo 9. Picha zangu za kwanza nilizipiga usiku chini ya taa ya jikoni, sambusa zikatoka za kijivu kama zimelala. Sasa nazipiga saa mbili asubuhi uani, juu ya sinia jeupe, na katlesi moja naikata katikati ili nyama ya ndani ionekane. Tangu niibadilishe picha ile ya katlesi, watu wameacha kuniuliza "ndani mna nini?", na swali hilo pekee lilikuwa likinilia nusu saa kila siku.

Mteja akichagua vitu kwenye katalogi anavitia kapuni, kisha kapu linanijia kama meseji yenye hesabu yake. Lakini lile kapu ni ombi tu. Halijui friza yangu imebaki na nini, halitoi malipo ya M-Pesa, wala halijumlishi nauli ya boti ya kwenda Shela. Siku moja niliacha katlesi kwenye katalogi ilhali zimekwisha tangu asubuhi, na mama mmoja wa Mkomani akaagiza dazeni tatu akiwa na wageni wa jioni. Ilinibidi nimpigie kumwomba radhi. Siku hizi kitu kikiisha nakificha kwanza, ndipo naendelea na kazi. Unaweza kuficha bidhaa bila kuifuta, na picha na maelezo yake yanabaki. Halafu jua kwamba kila bidhaa hukaguliwa kabla ya kuonekana, na wanyama hai hawaruhusiwi kuuzwa kwenye katalogi. Jirani yangu mwenye kuku wa kienyeji alikataliwa kuku wake, ila mayai yakapita.

Sasa nije kwenye orodha ya matangazo. Nilipoanza, mwezi wa Rajabu, nilikusanya namba zote za watu walionunua kwangu au kuniuliza bei. Zilifika 112. Nikatengeneza orodha moja, maana orodha moja hubeba hadi watu 256, nikatuma: sambusa za nyama dazeni shilingi 420, za viazi 360. Nikakaa na simu mkononi. Zilikuja oda nne.

Nilidhani bei ni kali, nikateremsha ya nyama hadi 380. Wiki iliyofuata zikaja oda tano, na mafuta, nyama na unga vikanibakia bila faida.

Kilichonifumbua macho kilitokea jetini. Nilikuwa nampa nahodha kifurushi cha Shela, nikamkuta mteja wangu mmoja ambaye alikuwa amenunua mara mbili na kusifu. Nikamuuliza, mbona umekuwa kimya? Akanijibu, "Dadangu, nakungoja uniambie ukipika, husemi." Nikamwambia nimetuma Jumatano mbili mfululizo. Akanifungulia simu yake, tukaitazama pamoja pale kwenye ngazi. Soga yetu ilikuwapo, na malipo yake ya mwisho, na "ahsante" yangu. Chini yake hapakuwa na kitu. Na pale juu, mahali pa jina langu, palikuwa na namba tupu.

Hiyo ndiyo sababu. Tangazo la orodha humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Wewe kumhifadhi yeye hakutoshi. Na simu haikwambii lolote: kwako meseji inaonekana imekwenda kama kawaida. Njia ya kujua ni kubonyeza meseji ile ndani ya orodha, uishike, ufungue maelezo yake, uone imefika kwa nani na imesomwa na nani. Nilipofanya hivyo usiku ule nilikuta kati ya watu 112 imefika kwa 47. Wengine 65 nilikuwa nawapigia kelele nje ya mlango uliofungwa. Tena usihukumu saa ile ile uliyotuma, maana yuko aliyezima data na yuko aliye baharini. Ngoja siku mbili, ndipo uhesabu.

Kwa hivyo bei yangu haikuwa na kosa lolote. Niliirudisha 420.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuwafanya watu wanihifadhi, na hapa nimejaribu njia kadhaa. Kuandika kwenye stetasi "nihifadhini namba" hakusaidii hata kidogo, kwa sababu stetasi nayo huonekana tu pale ambapo nyote wawili mmehifadhiana. Asiyekuhifadhi haioni stetasi inayomwomba akuhifadhi. Kumwomba mtu siku anapouliza bei ni mapema mno, hajakuonja. Wakati unaofaa ni pale malipo yanapoingia. Mtu ametoka kukuamini na pesa yake, simu iko mkononi, na yeye mwenyewe anataka kujua mzigo utafika lini. Hapo namwandikia: "Nimepokea, shukran. Kijana atakuwa mlangoni baada ya alasiri. Nihifadhi nikipika tena nikwambie", na papo hapo namtumia kadi ya namba yangu yenye jina lililokwisha andikwa, la Sambusa, ili asiandike chochote, abonyeze tu. Baada ya miezi mitatu nilifuta wote ambao hawakuwahi kufikiwa, nikabaki na watu 96, na tangazo likawa linawafikia 88. Oda za wiki zikapanda kutoka nne au tano hadi kati ya 20 na 26, nami sikuongeza mteja hata mmoja mpya kwa makusudi.

Jambo la pili nililojifunza ni lugha. Mteja haoni wengine waliomo orodhani. Tangazo linamjia ndani ya soga yenu ya siku zote, na akijibu, jibu linakuja kwako peke yako. Mimi nilikuwa naandika "Wapendwa wateja wetu wote", na watu wanasoma wanapita, kwa kuwa hakuna anayehisi ameulizwa. Sasa naandika kama ninavyosema na mtu mmoja: "Assalaam alaykum. Kesho nakunja sambusa za nyama za Ijumaa, dazeni 420. Nafunga oda kesho baada ya adhuhuri. Nikuwekee ngapi?" Kitu kimoja, bei moja, mwisho wa muda, na swali linalojibika kwa tarakimu. Wengi hujibu "2", basi, na hiyo ni oda kamili.

Akijibu, kabla sijaandika chochote napandisha soga juu nione alichukua nini mara ya mwisho. Soga yenyewe ndiyo daftari langu. Mama mmoja wa Langoni hataki pilipili kwa sababu ya mkwewe. Alinieleza mara moja tu, mwezi wa Shaabani. Nikimwandikia "zile bila pilipili kama siku ile?" huwa ananijibu kwa sauti, na nasikia furaha yake. Watu wa namna hii hawaulizi tena kwingine. Na kwa wale wanaojibu "ndiyo" bila idadi, namkumbusha idadi yake ya mwisho badala ya kumuuliza upya, tunamaliza kwa meseji mbili. Kisha natia lebo: aliyeagiza, aliyelipa, aliyepelekewa. Alhamisi usiku nafungua lebo ya walioagiza bila kulipa, naona majina sita au saba, nawakumbusha kwa upole mmoja mmoja.

Orodha nimezigawa tatu. Ya nyumba za mjini naitumia Jumatano. Ya nyumba za wageni Shela Jumapili jioni, wao hupanga wiki yao siku hiyo na huchukua katlesi kuliko sambusa. Ya Mokowe ni mara moja tu, mwisho wa mwezi, kwa sababu wengi ni watu wa mshahara na mzigo unapanda boti, hivyo ni afadhali wachukue pakiti nne kwa safari moja. Nilipokuwa na orodha moja ya wote, mtu wa Mokowe alikuwa anapata tangazo la Jumatano ambalo halimfai, na baada ya muda anaacha kusoma hata lile linalomfaa.

Kosa langu kubwa nililifanya Ramadhani. Niliona watu wanajibu vizuri, nikatuma kila siku, siku kumi mfululizo. Siku ya kumi nikafungua maelezo ya meseji: kutoka 88 nimeshuka hadi 71. Walikuwa wamenibloku. Bibi mmoja ninayemheshimu alinambia ana kwa ana, "Mwanangu, simu yangu imekuwa yako." Niliona haya. Na si suala la kupoteza hao 17 pekee, kwani watu wakikubloku na kukuripoti kwa wingi, akaunti yenyewe inaweza kufungiwa, na hapo hata mazungumzo ya wateja wako wema yanakatika. Tangu hapo ni mara moja kwa wiki, na Ramadhani mara mbili, sizidishi.

Hayo mengine ya kila siku nayapeleka stetasi, ambayo mtu huifungua kwa hiari yake na hutoweka baada ya saa 24. Jumatano jioni naweka video fupi ya mikono yangu ikikunja manda, bila bei. Hutazamwa na watu kama 60, ingawa waliozima alama za kusoma huwaoni, na hao pia hununua. Stetasi haijaniletea oda nyingi, tatu au nne kwa wiki. Ila nimeona anayejibu stetasi kwa kopa au "mashallah" leo ndiye hujibu tangazo la Jumatano ijayo, kwa hivyo simwachi bila neno.

Naipa nyota nne. Ya tano naiweka mpaka siku nitakayoweza kujua nani amenihifadhi bila kupitia hesabu ya matangazo. Anayetaka kuanza atafute laini nyingine, kwa kuwa WhatsApp Business na ile ya kawaida hukaa simu moja lakini kila moja hutaka namba yake. Mimi ya kawaida nimewaachia jamaa zangu, na saa nne usiku ile ya sambusa naizima.