Uzoefu Wangu: Kubadilisha Mandhari ya Nyuma ya Chupa Kabla ya Kuipa Picha Mwendo

Ninatengeneza matangazo mafupi ya video kwa wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo, na kwa muda sasa ninatumia programu ya akili mnemba inayohariri picha kwa kufuata maelekezo ya maandishi. Hapa ninaeleza sehemu moja tu ya kazi hiyo: namna ya kuandika maelekezo ya kubadilisha mandhari ya nyuma kabla picha haijapelekwa kwenye programu ya video.

Mteja wangu, dada anayeuza mafuta ya nazi, alinitumia picha aliyoipiga kwa simu juu ya kaunta ya duka lake, Mtaa wa Msimbazi. Chupa ya kioo ilitoka vizuri, lakini nyuma yake kulikuwa na maboksi, waya wa feni na kapu jekundu la plastiki. Picha kama hiyo haifai kupewa mwendo jinsi ilivyo, kwa sababu programu ya video huifanya fremu ya kwanza, kisha hukisia yenyewe jinsi kila kilichomo kitakavyosogea. Umbo la chupa lililo wazi hukisiwa vizuri; waya uliojipinda juu ya maboksi hukisiwa vibaya, na baada ya sekunde chache waya huyeyukia ndani ya boksi, na kingo za chupa nazo zikaanza kutetemeka.

Wengi huandika tu, “Ondoa vitu vilivyo nyuma ya chupa.” Programu hutii, lakini kwa kuwa haijaambiwa iweke nini, hujibunia. Nilipoyajaribu maneno hayo ilileta rafu ya jikoni yenye ukungu, na chupa ikaonekana inaelea, maana kivuli chake kiliondolewa pamoja na kaunta. Maelekezo yaliyonifaa hutaja kwanza kisichoguswa, kisha huieleza mandhari mpya kama kitu ambacho tayari kipo:

```
Badilisha mandhari ya nyuma na sehemu ya meza tu.
Chupa, kifuniko, lebo na maandishi yake vibaki vilivyo,
mahali pale pale na kwa ukubwa ule ule.
Chupa imesimama juu ya meza ya mbao; nyuma yake ni
ukuta mtupu wa rangi ya krimu.
Mwanga laini unatoka kushoto; kivuli cha chupa
kinaanzia kwenye kitako chake na kuelekea kulia.
```

Upande wa mwanga haubuniwi. Kwenye picha ile mlango wa duka ulikuwa kushoto, na mng'ao wake ulionekana kama mstari mweupe kwenye ubavu wa kushoto wa chupa. Mandhari mpya ikiangazwa kutoka kulia, mtazamaji atahisi kuwa chupa imebandikwa, hata kama hawezi kusema kwa nini.

Tatizo lililonichukua muda mrefu zaidi lilikuwa ndani ya chupa yenyewe. Kwa joto la Dar es Salaam mafuta ya nazi huwa maji maji na angavu, kwa hiyo wekundu wa kapu ulionekana kupitia mafuta. Nilipoamuru chupa ibaki ilivyo, programu ilitii kikamilifu: kapu likatoweka ukutani, lakini wekundu wake ukabaki ndani ya mafuta. Dawa yake ni kutenganisha umbo na rangi kwa sentensi moja ya nyongeza: “Umbo la chupa na lebo visibadilike, lakini mafuta yaonyeshe rangi ya krimu ya ukuta, bila wekundu wowote.” Tangu nianze kuiongeza, picha za chupa angavu zimenikubali mara nyingi.

Hata hivyo, siipeleki picha kwenye video kabla ya kuivuta ikawa kubwa na kuilinganisha na ya awali, hasa maandishi madogo ya lebo na alama ya ubora ya TBS. Maandishi ya aina hiyo ndiyo programu hupenda kuyachora upya, na herufi moja ikipinda kidogo, mwendo wa video utaipinda zaidi. Nikiona hivyo sirudii maneno. Ninakata lebo kutoka picha ya awali na kuibandika mahali pake.

Baada ya hapo maelekezo ya video huwa mafupi: “Kamera inasogea mbele polepole, chupa imetulia, kivuli cha jani la mnazi kinacheza taratibu ukutani.” Mwendo nimeupeleka kwenye kivuli kwa makusudi, ili lebo isiguswe.

Kwa chupa, makopo na maboksi ninaipendekeza njia hii bila kusita. Kwa chupa yenye michongo mingi ya kioo siipendekezi, kwa sababu kila mchongo hubeba kipande cha mandhari ya zamani, na sentensi haiwezi kuvitaja vyote. Hapo ninamwomba mteja asimamishe karatasi nyeupe ya manila nyuma ya chupa na kupiga picha upya.