LibreOffice Writer kwa kurasa za ndani za riwaya: inatosha?

Habari za wakati huu, watazamaji wangu. Leo naichambua LibreOffice Writer kwa kazi moja tu: kupanga kurasa za ndani za riwaya unayoichapisha mwenyewe. Programu hii ni ya bure. Hapa kwenye skrini nimefungua riwaya ya sura 18, saizi ya A5, yaani milimita 148 kwa 210, na kitabu kitafungwa kwa gundi.

Hiyo gundi ndiyo inayoamua pambizo. Kitabu cha gundi hakifunguki mpaka kwenye uti, kwa hiyo maneno yaliyosogea sana ndani huzama, na msomaji analazimika kukikandamiza kitabu ili ayasome. Mimi nimeweka milimita 22 upande wa ndani na 15 upande wa nje. Kumbuka kwamba uti uko kushoto kwa ukurasa wa kulia, na uko kulia kwa ukurasa wa kushoto. Bonyeza F11, nenda kwenye mitindo ya kurasa, hariri `Default Page Style`, kisha kwenye `Page layout` chagua `Mirrored`. Kuanzia hapo programu inageuza pambizo yenyewe. Katika mtindo huohuo washa `Footer` na uweke namba ya ukurasa katikati.

Sasa mwanzo wa sura, na hapa ndipo Writer inaponifurahisha. Waandishi wengi husukuma kichwa cha sura kwa kubonyeza Enter mpaka kifike ukurasa mpya. Ukiongeza sentensi mbili sura ya tatu, vichwa vyote vinavyofuata vinahama. Acha kabisa. Hariri mtindo wa `First Page`: chagua `Only right`, pambizo ya kushoto 22, ya kulia 15, ya juu milimita 65 ili kichwa kishuke na kupata nafasi ya kupumua. Hapo usiwashe `Footer`, maana ukurasa unaofungua sura hauandikwi namba, ingawa unahesabiwa. Kwenye `Next style` weka `Default Page Style`. Kisha ingia mtindo wa aya wa `Heading 1`, sehemu ya `Text Flow`, agiza ukurasa ukatike kabla ya kichwa na uanze na `First Page`. Basi. Kila kichwa utakachokipa `Heading 1` kitakwenda chenyewe kwenye ukurasa wa kulia.

Namba 1 nayo ianze Sura ya Kwanza, baada ya kurasa za jina la kitabu, hakimiliki, tabaruku na yaliyomo. Agizo hilo liweke kwenye kichwa cha sura hiyo peke yake. Ukiliweka ndani ya mtindo wa `Heading 1`, sura zote 18 zitaanza na ukurasa wa 1.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo fedha ya uchapaji inapopotea. Tuseme Sura ya Kwanza imeishia ukurasa wa 11. Sura ya Pili lazima ianze kulia, yaani 13, kwa hiyo Writer inaacha ukurasa wa 12 mtupu. Unapotoa PDF, kama hukutia tiki kwenye `Export automatically inserted blank pages`, ukurasa ule mtupu unaachwa nje. Ukurasa wa 13 unachapwa mgongoni mwa wa 11, unakuwa wa kushoto, na pambizo zinapinduka: milimita 22 zinakwenda nje, 15 zinabaki kwenye gundi. Kwenye skrini ukurasa mmoja mmoja unaonekana safi kabisa.

Utajuaje? Linganisha namba iliyochapwa kwenye ukurasa na namba inayoonyeshwa na kisomaji cha PDF. Kitabu hiki kina kurasa 6 za mwanzo, kwa hiyo ukurasa wa 14 uwe wa 20 kwenye faili, na tofauti ya 6 ibaki hivyo hivyo hadi sura ya mwisho. Ukikuta wa 14 ni wa 19 kwenye faili, kuna ukurasa umeanguka. Rudi uweke tiki.

Udhaifu upo. Writer hukwepa kuacha mstari mmoja wa aya peke yake juu au chini ya ukurasa, na hilo ni jema, lakini matokeo yake kurasa mbili zinazotazamana huweza kupishana mstari mmoja chini, na haina njia ya kuzilinganisha yenyewe. Tena maneno yetu ni marefu. Ukinyoosha kingo zote mbili, neno kama "walivyokubaliana" likishuka mstari wa chini linaacha mianya mipana juu yake. Weka kishale mwisho wa silabi, kwa mfano baada ya "walivyo", ubonyeze Ctrl na alama ya kutoa. Kistari kitaonekana tu neno likikatika hapo. Hiyo ni kazi ya mkono, na inafanywa mwishoni, baada ya uhariri wote kwisha.

Kwa riwaya ya maneno matupu, naipendekeza bila kusita. Kama kitabu chako kina picha zinazofika ukingoni mwa karatasi, hii siyo programu yake.