Spika ya elfu arobaini na tano, mvua ya Mbeya na muziki unaojizimia wenyewe

Haya, karibuni tena. Mnasikia huko juu? Hiyo ni mvua, sijaweka mimi. Niko sebuleni kwangu Uyole, saa tisa na nusu alasiri, na kama unaishi Mbeya unajua kuanzia Novemba hadi Aprili saa hizi mara nyingi zinakuwa hivi. Blanketi lipo, chai ya tangawizi ipo, kitabu kipo. Na huyu hapa ndiye mgeni wetu wa leo, hii spika ndogo isiyo na waya, nimeinunua Mwanjelwa kwa elfu arobaini na tano baada ya kubishana sana. Jamaa alianzia elfu sitini.

Mambo ya wati, rangi, sijui inakaa na chaji saa ngapi, mtayasoma kwenye boksi. Boksi lenyewe linadanganya kidogo, lakini yote yanadanganya. Mimi niliitaka kwa kazi moja: muziki wa kusomea kitabu mvua ikinyesha. Kwa kazi hiyo ina kitu kimoja kilichonikera mpaka nikataka kuirudisha, halafu nikakielewa, na sasa sijui hata nikiite kitu gani. Ngoja niwasimulie.

Jumamosi iliyopita nimekaa hapa hapa. Nimeweka piano ya taratibu, piano peke yake, hakuna mtu anaimba. Sauti ndogo kabisa, ile ya kusikia kwa mbali. Mvua ikaja, nikasoma, nikasoma, nikasema moyoni leo nimepata, huu muziki na mvua vimeendana kweli. Mvua ikakatika ghafla, mnajua mvua zetu. Kimya. Piano hakuna. Nashika spika, imezima. Nashika simu, muziki umesimama kwenye wimbo wa tatu, dakika ya pili. Wimbo wa tatu jamani! Mimi nimesoma karibu saa nzima nikiamini nasikiliza piano, kumbe nasikiliza bati.

Kwanza nikadhani ni chaji. Nikaiwasha, taa ya betri inaonyesha imejaa. Halafu hizi spika betri ikiisha, yule mama wa ndani anapiga kelele za Kiingereza mpaka jirani anashtuka. Siku hiyo mama hakusema kitu. Kwa hiyo haikuwa betri. Na tazameni namna ya kujua ilizima saa ngapi: spika ikijizima, mawasiliano na simu yanakatika, na simu nyingi muziki unasimama pale pale. Ile dakika unayoiona kwenye simu ndiyo saa ya kifo. Mimi nilipojumlisha nyimbo mbili na kipande, nikapata kama dakika kumi.

Dakika kumi. Sasa nikaanza kuelewa. Hizi spika nyingi zimetengenezwa zijizime zisipopata sauti kwa muda fulani, ili zisimalize chaji bure. Ni jambo zuri. Tatizo ni kwamba yenyewe haijui muziki ni nini. Inapima tu nguvu ya sauti inayoingia kutoka kwenye simu. Ikiwa chini ya kiwango chake, kwake ni kimya, inaanza kuhesabu. Ikitokea noti moja yenye nguvu, inaanza upya sifuri. Mwenye kusikiliza singeli hawezi kukutana na tatizo hili mpaka Yesu arudi. Linatukuta sisi wa piano na blanketi.

Hebu tujaribu pamoja. Nasogeza kamera. Hii simu, sauti yake naiweka robo. Hii spika, kwa vitufe vyake naipandisha juu mpaka isikike vizuri. Mnaisikia? Sauti safi, haina shida. Naweka saa ya kuhesabia. Nitakata video hapa ili nisiwachoshe.

Haya, tumerudi. Angalieni saa: dakika kumi na sekunde chache. Taa imezima. Na simu, piano imesimama. Umeona? Masikio yangu yalikuwa yanasikia vizuri kabisa, yenyewe inasema hakuna mtu nyumbani.

Sasa nageuza. Simu naipandisha karibu mwisho, tuseme tisini kwa mia. Spika naishusha kwa vitufe vyake mpaka sauti irudi ile ile ya mwanzo. Kwenye sikio hakuna tofauti. Lakini kinachoingia ndani ya spika sasa kina nguvu, na kinachopunguzwa ni kule mwisho kwenye kutoka. Jana niliiacha hivyo saa moja na nusu, piano ile ile, haikuzima hata mara moja.

Kuna watu watajaribu hivi na watakuta ukishusha spika na simu inashuka yenyewe, vinakwenda pamoja kama mapacha. Simu yangu ya zamani ilikuwa hivyo. Kwenye Android dawa ipo, imefichwa tu. Nenda Settings, kisha About phone, tafuta Build number, uibonyeze mara saba. Ndiyo, saba, kama dawa ya mganga. Itafunguka sehemu inaitwa Developer options. Ndani yake tafuta "Disable absolute volume", uiwashe, halafu uzime Bluetooth na kuiwasha tena. Kuanzia hapo simu ina sauti yake na spika ina yake. Na nakuomba, shusha spika kabla hujaunganisha, maana inaweza kurudi na sauti ya juu kabisa. Mimi ilinirudia saa nne usiku. Mama mwenye nyumba hajanisalimia vizuri mpaka leo. Wa iPhone, hicho kitufe kwenu hakipo, mtanisamehe.

Kabla sijasahau, asanteni kwa kufika elfu tatu, ndaga fijo. Na yule aliyeandika kwamba nichambue vitabu badala ya spika, dada yangu, nimekusikia, mwezi ujao.

Turudi kwenye bati, maana hapa ndipo watu wengi wanakosea. Mvua ikizidi, mkono wa kwanza unakwenda kuongeza sauti. Usiongeze. Nina programu ya kupimia desibeli kwenye simu. Si kipimo cha maabara, lakini inatosha kulinganisha. Sebuleni kukiwa kimya inasoma thelathini na kitu. Manyunyu, hamsini. Mvua ile ya kweli juu ya bati, na nyumba yangu haina dari, inapita sabini. Ukitaka piano ishinde hiyo kutoka ng'ambo ya chumba, hutasoma tena, utakuwa umefungua baa.

Sogeza spika. Basi. Kila ukipunguza umbali nusu, unapata kama desibeli sita bila kugusa kitufe. Ilikuwa pale kwenye kabati la vyombo, mita mbili kutoka kwenye kiti. Naileta hapa kwenye stuli, mita moja: sita. Naileta hapa kwenye mkono wa kochi, nusu mita: sita nyingine. Kumi na mbili zote nimezipata kwa kutembea, na jirani hajui kitu. Nimeweka kitenge kilichokunjwa chini yake, kwa sababu ikikaa kwenye mbao tupu besi inatetemesha stuli, na ule mngurumo ndio unaochosha kichwa bila wewe kujua kwa nini.

Jirani yangu yeye alinunua lile boksi kubwa la elfu themanini na tano lenye mataa ya disko. Lina besi, sikatai. Nililiazima siku moja. Taa zinawaka nyekundu, bluu, kijani juu ya ukurasa wa kitabu, na hakuna kitufe cha kuzizima. Nilibandika gundi ya karatasi. Kwa harusi sawa, kwa kusoma hapana.

Na muziki wenyewe? Mimi siweki wimbo wenye maneno ninayoyaelewa. Nilishajikuta naandika mstari wa wimbo kwenye daftari nikidhani ni wa kitabu. Kichwa kikiwa kinasoma Kiswahili na sikio linaletewa Kiswahili kingine, kimoja kinamsukuma mwenzake. Nyimbo za Kilingala zinanipita vizuri kwa sababu sielewi, ingawa gitaa likifika lile eneo la sebene miguu inaanza kusoma kitabu chake.

Napenda kanuni na udi wa taarab pale mpigaji anapopiga peke yake, taksim, hakuna ngoma, anatembea tu anavyotaka. Ni muziki wa mvua kabisa. Lakini mvua kubwa inaumeza, kwa sababu una pale panapopanda na pale panaposhuka mpaka karibu na kimya, na kile kilichoshuka bati linakichukua chote. Unabaki kusikia noti moja moja kama mtu anaita kwa mbali. Kwa mvua kubwa chagua kitu kinachokwenda usawa: gitaa mbili, marimba, kitu ambacho hakina kupanda wala kushuka sana. Taksim niwekeeni manyunyu. Tukuyu huko sijui mnasomaje, maana manyunyu kwenu ni tetesi.

Bando pia, niliulizwa. Usisikilize moja kwa moja mtandaoni mvua ikinyesha, mtandao wenyewe unakuwa na mafua. Pakua mapema. Faili la kilobiti 128 kwa sekunde ni kama megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo alasiri ya saa tatu haifiki megabaiti mia mbili. Kwa spika ya ukubwa huu, tena chini ya bati, ukiweka faili kubwa zaidi ya hapo unajaza simu tu.

Sasa nimekuja na hasira hapa, nikawaambia nilitaka kuirudisha. Lakini juzi nimesinzia na kitabu kifuani. Albamu ikaisha, na baada ya dakika kumi spika ikajizima yenyewe, chaji ikabaki. Asubuhi nimeamka, imebaki zaidi ya nusu. Kitu kile kile kilichonikera. Ukishajua kinapima nini unaweza kuishi nacho. Wangeandika tu kwenye kile kikaratasi, sentensi moja, kwamba sauti ya simu iwe juu. Wameandika nisiitie majini. Nani anatia spika majini?

Elfu arobaini na tano? Ningeambiwa arobaini ningefurahi zaidi. Kwa sitini ya yule jamaa, hapana, usitoe. Na ukiwa dukani usijaribu kwa singeli kama wanavyotaka wao. Mwambie akuwekee kitu cha polepole, shusha sauti ya simu, ukae naye dakika kumi na moja mpige soga. Atakuchoka, lakini utajua.

Nilikuwa nataka niwasikilizishe marimba kidogo, ila mvua imekata na mlima Loleza unaonekana wote, na nikiangalia dirishani nguo zangu bado ziko kwenye kamba. Zilikuwa zimekauka saa nane.