Paa limenivujia bila mvua, fundi akasema ni misumari

Kuhusu kuweka vizuia baridi nyumbani, nilikuwa nimeapa kuandika neno moja tu: msiweke. Sasa sina hakika, ila hasira bado ninayo.

Huku Makete mwezi wa sita na wa saba sakitu inalala kwenye majani, na kulala chini ya bati ni kama kulala uwanjani. Nikamwita fundi wa kuzuia baridi. Sakafuni akatandika stairofomu na zulia juu yake, miguu ikashukuru. Paani akabandika foili moja kwa moja kwenye bati, ikagusana nalo kabisa. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Baada ya wiki kama mbili, siling bodi ya chumbani ikaanza kupiga madoa. Alfajiri tone, tone, juu ya neti. Mvua hatujaiona tangu mwezi wa tano! Nikampigia. “Mama, hiyo misumari inavuja. Mimi nimeezeka nyumba kabla hujahamia huku.” Akaja na silikoni, akapaka misumari yote, akachukua hela yake. Usiku ule ule, tone.

Nikapanda mwenyewe darini na tochi saa kumi na moja alfajiri. Foili nzima imelowa kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, hata mahali pasipo na msumari. Paa linalovuja hulowa mvua inaponyesha. Langu lililowa usiku mkavu wenye nyota. Ulikuwa mvuke wetu wenyewe, wa pumzi na wa sufuria, unapanda kupitia tundu la taa na mfuniko wa dari usiobana, unakuta foili baridi na kugeuka maji. Foili iliyogusana na bati inakuwa baridi kama bati. Inafanya kazi ikiwa na nafasi ya hewa, walau sentimita mbili na nusu.

Fundi wa pili, kijana mpole asiyejisifu, aliishusha. Akaziba matundu yote, akatandaza nailoni juu ya siling bodi, kisha pamba ya vioo ya sentimita kumi. Pembezoni mwa paa akaacha upenyo ili hewa ya darini ipite. Madirishani, nyuma ya luva zangu zinazopitisha upepo, akaweka fremu za mbao zenye nailoni angavu. Jiko la mkaa nimelitoa chumbani moja kwa moja, maana nyumba iliyobana hivi na moshi usioonekana ni kifo.

Zamani kipimajoto kilisoma 9 alfajiri. Sasa 14, na neti ni kavu. Joto la kutembea na fulana si hilo, lakini nalala na blanketi mbili badala ya nne. Basi wekeni.

Juzi yule wa kwanza kaja kudai salio. Nimemwonyesha madoa, akaniambia nipake rangi.