Kamera ya msimbopau kwenye mkanda wa juisi: uzoefu wangu wa miezi minane

Dada wa shifti ya usiku ndiye aliyenifumbua macho. Aliweka kiganja mbele ya lenzi, chupa zikaendelea kupita, na taa ya kijani ikawaka vilevile. "Fundi, sasa hii inasoma nini?" Sikuwa na la kumjibu. Kamera ilikuwa na wiki tatu kazini, na mimi mwenyewe ndiye niliyeifunga.

Tunajaza juisi ya embe na ya pasheni kwenye chupa za umbo moja, na siku moja roli la lebo za embe liliwekwa kwenye pasheni. Ndipo tukanunua kamera. Inasoma msimbo wa tarakimu 13 kwenye lebo na kuutuma kwa PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mkanda, nayo inaulinganisha na msimbo wa bidhaa ya siku hiyo. Usipolingana, mkono wa hewa unaisukuma chupa nje. Kampuni iliyotengeneza siitaji, maana makosa mengi ninayoyasimulia ni yangu.

Kwa kusoma, sina lawama. Ila mpangilio wa mwanzo ulikuwa unaacha lenzi wazi kwa milisekunde 1. Mkanda wetu unakwenda milimita 300 kwa sekunde, kwa hiyo katika muda huo chupa inasogea milimita 0.3. Mstari mwembamba kabisa wa msimbo huu, kwa ukubwa wake wa kawaida, ni milimita 0.33. Mistari yetu imesimama wima, basi picha ilitoka kama imepakwa kwa kidole. Nilishusha hadi milisekunde 0.2, nikaongeza mwanga wa taa, na kuigeuza kamera kidogo ili mng'ao wa plastiki usiirudie machoni.

Amri ya kupiga picha nayo ilinisumbua. Mwanzoni sensa inayoona chupa ikifika iliiambia PLC, kisha PLC ikatuma herufi `T` kwa kamera kupitia mtandao, kwa TCP. Ucheleweshaji ulikuwa haufanani: mara milisekunde 10, mara 50. Tofauti hiyo ya 40 ni milimita 12 za mkanda, inayotosha kuukata msimbo ukingoni mwa picha. Sasa waya wa sensa unaingia moja kwa moja kwenye kamera, na tawi lake linaingia PLC ili nayo ijue kwamba jibu linatakiwa.

Turudi kwenye kiganja. Kamera yangu isipoona msimbo hukaa kimya, usipoiagiza vingine. PLC ilikuwa imeshikilia msimbo wa chupa ya mwisho iliyosomwa vizuri, ikawa inaulinganisha huohuo kila chupa ikipita. Chupa moja nzuri ilizibebea tiketi zote zilizofuata. Dawa yake ni mistari hii:

```
IF SensaImeona THEN
  Msimbo := '';
  JibuLimefika := FALSE;
END_IF;
Pita := JibuLimefika AND (Msimbo = Lengo);
```

`SensaImeona` iwe kweli kwa mzunguko mmoja tu wa programu ya PLC, chupa inapofika. Ikibaki juu muda wote itafuta na jibu lenyewe. Kisha niliiagiza kamera itume `NOREAD` inaposhindwa, na PLC isubiri milisekunde 300 tu. Chupa zetu zimepishana milisekunde 500, kwa hiyo jibu la chupa hii likichelewa kidogo halihesabiwi kwa inayofuata. Kimya ni kosa, chupa inatoka.

Jambo jingine ni kwamba TCP haijui ujumbe unaishia wapi. Inaleta baiti tu. Mara chache nilipokea `62012345` mzunguko mmoja, na `67893` mzunguko uliofuata. Nikaacha kulinganisha mpaka nione alama za mwisho wa mstari, `\r\n`. Vilevile nilipochomoa umeme wa kamera, PLC iliendelea kuonyesha kwamba imeunganishwa. Ndiyo maana sasa makosa matatu mfululizo yanausimamisha mkanda.

Wengi watanicheka, lakini kwa kamera moja iliyo karibu na kabati la umeme ningechagua waya wa RS-232 badala ya mtandao. Baiti 15 kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde zinafika ndani ya milisekunde 16 hivi, na hakuna muunganisho wa kufunga na kufungua. Nimebaki na mtandao kwa sababu moja: naweza kukaa ofisini nikatazama picha zilizoshindwa kusomwa, na picha hizo ndizo zilizonionyesha ule ukingo uliokatwa.

Kila shifti inaanza kwa kupitisha chupa tatu za majaribio: sahihi, yenye lebo nyingine, na isiyo na lebo. Dada wa usiku hana haja nazo. Anaweka kiganja, anahesabu chupa tatu zikisukumwa nje, mkanda unasimama, anauwasha tena.