Chupa za Mvinyo za Kununua Mwanza kwa Anayesomea Cheti cha Vinywaji, Kuanzia ya Kwanza Hadi ya Kuacha

Kila msimu wa mitihani ukikaribia, wahudumu wa hoteli za kandokando ya ziwa huniuliza swali moja: hela yangu ni ya chupa mbili tatu, ninunue zipi za kujifunzia? Mtihani wa ngazi ya pili wa WSET, taasisi ya London ya mafunzo ya mvinyo iliyoanza mwaka 1969, una maswali 50 ya kuchagua jibu na hauna sehemu ya kuonja. Kwa hiyo wengi huona wanaweza kukariri tu. Wanakwama kwenye maswali ya uchachushaji wa malolaktiki, yaani bakteria kugeuza asidi kali ya mvinyo kuwa asidi pole, na ya joto la kuhudumia, kwa sababu wamesoma maneno bila kuwahi kuyasikia mdomoni. Chupa hapa chini nimezipanga kwa kiasi cha somo zinachokupa, wala si kwa ladha tamu au jina kubwa.

1. Jozi ya nyeupe: Chardonnay yenye siagi na Sauvignon Blanc

Hizi ni chupa mbili, lakini nazihesabu kama ununuzi mmoja, maana moja bila nyingine haifundishi. Za Afrika Kusini ndizo rahisi kupatikana katika maduka ya vinywaji ya mjini, na zinatosha.

Zote mbili zimeanza njia moja. Mvinyo mweupe hutengenezwa kwa kukamua zabibu kwanza, maganda yakatolewa, kisha maji yake peke yake yakachachushwa na hamira kwenye ubaridi, mara nyingi kati ya nyuzi 12 na 22. Hamira hula sukari na kutoa alkoholi pamoja na gesi ya kaboni dioksidi. Ubaridi huo husaidia kulinda harufu za matunda.

Zinapoachana ni baada ya hapo. Zabibu ina asidi ya maliki, ile ile inayofanya tufaha la kijani likung'ate ulimi. Bakteria anayeitwa Oenococcus oeni akiachiwa nafasi huigeuza kuwa asidi ya laktiki, asidi ya maziwa mgando, na kutoa gesi kidogo. Asidi ya maliki ina sehemu mbili za uchachu katika kila molekuli, ya laktiki ina moja, ndiyo maana mvinyo hulainika. Chukua mvinyo wenye gramu 3 za asidi ya maliki kwa lita: kazi ikiisha, utabaki na takriban gramu 2 za asidi ya laktiki, na hizo gramu 2 ni pole zaidi mdomoni. Katika kazi hiyo bakteria hutoa pia diasetili, na hiyo ndiyo harufu ya siagi unayoisikia kwenye Chardonnay.

Mtengenezaji wa Sauvignon Blanc kwa kawaida hataki hayo yatokee. Anataka uchachu mkali na harufu ya majani mabichi na ndimu. Kwa hiyo hamira ikimaliza kazi, anaupoza mvinyo, anaongeza dioksidi ya salfa ambayo bakteria huyo haivumilii, na anauchuja vizuri kabla ya kuutia chupani. Mwenzake wa Chardonnay hufanya kinyume: huuacha kwenye joto la nyuzi 18 hadi 22 na kuchelewesha salfa.

Shika mambo mawili hapa, kwa sababu ndiyo mitego ya mtihani. Kwanza, uchachushaji wa malolaktiki hauongezi alkoholi hata kidogo. Ni kazi ya bakteria juu ya asidi, siyo ya hamira juu ya sukari. Pili, siagi na vanila havitoki mahali pamoja. Siagi ni ya malolaktiki. Vanila, karafuu na moshi hutoka kwenye pipa la mwaloni. Chardonnay nyingi zimepitia vyote viwili, ndiyo maana watu huvichanganya.

Dukani, geuza chupa usome lebo ya nyuma. Inayokufaa itataja siagi, krimu au pipa. Chardonnay iliyoandikwa kuwa haikuguswa na mwaloni huenda nayo ikawa haina siagi, kwa hiyo iache kwa sasa. Kwa Sauvignon Blanc tafuta yenye mwaka wa karibuni, maana uchangamfu wake hupungua upesi.

Jioni ya kuonja ifanye hivi. Chupa ya dukani Mwanza mchana huwa kwenye nyuzi 27 hivi. Weka nyeupe zote mbili kwenye friji saa 9 alasiri, na ifikapo saa 12 jioni zitakuwa karibu na nyuzi 10. Kama umechelewa, ndoo yenye barafu na maji nusu kwa nusu itakufikisha hapo kwa dakika 20. Barafu tupu bila maji haigusi chupa yote, hivyo huchukua muda mrefu zaidi. Mimina Sauvignon Blanc kwanza. Kanuni ya darasani ni nyuzi 7 hadi 10 kwa nyeupe nyepesi, na 10 hadi 13 kwa nyeupe nzito ya pipa.

Kisha fanya jaribio ambalo kwangu linazidi kurasa nyingi za kitabu. Ipoze Chardonnay zaidi kwenye ndoo ya barafu na maji hadi nyuzi 5 au 6, mimina kidogo, uinuse. Utasikia uchachu na karibu basi. Iache glasi mezani, uinuse tena kila dakika chache huku ukipima kwa kipimajoto cha jikoni. Ikifika nyuzi 11 au 12, siagi itajitokeza wazi. Ukiiacha ipande hadi 20, alkoholi itaanza kuchoma pua na mvinyo utaonekana mzito, umelegea. Ukishaona hivyo, hutasahau kwa nini nyeupe nzito haihudumiwi baridi kama soda.

Kama una njaa, kaanga sato umkamulie ndimu, unywe na Sauvignon Blanc. Sangara wa nazi mpe Chardonnay. Uchachu unakwenda na ndimu, ulaini unakwenda na tui.

2. Nyekundu kavu ya Dodoma

Hii ni ya pili, na kwa mwenye hela ya chupa moja ya ziada ndiyo ningemwambia achukue. Bei yake huwa nafuu kuliko nyekundu ya nje, na imetoka kwenye zabibu za nchini kama Makutupora au Syrah. Hakikisha lebo inasema ni kavu. Nyekundu tamu ni nyingi kwenye rafu hiyo hiyo.

Somo lake la kwanza ni maganda. Pasua zabibu nyekundu: kwa aina nyingi, nyama ya ndani haina rangi. Rangi na tanini, ile hali ya kukausha fizi, zimo kwenye ganda. Kwa hiyo nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, kwenye joto la nyuzi 20 hadi 32, na kukamuliwa baadaye. Gesi huyapandisha maganda juu yakawa kama kofia, na mtengenezaji huyasukuma chini au kuyamwagia mvinyo wa chini mara kadhaa kwa siku. Asipofanya hivyo, rangi haitoki vizuri na maganda yaliyo wazi hewani huanza kuelekea siki.

Karibu nyekundu zote hupitia malolaktiki. Wanafunzi huuliza, mbona basi hatusikii siagi? Kwa sababu tanini na tunda vinaifunika, na watengenezaji wengi huuacha mvinyo mpaka diasetili ipungue. Unachobaki nacho ni ulaini, maana asidi kali ikikutana na tanini nyingi mdomo hukunjamana.

Somo la pili ndilo linaloumiza sifa za hoteli zetu. Watu wamekariri kwamba nyekundu hunywewa kwenye joto la chumba. Chumba kinachosemwa ni cha Ulaya ya zamani, chenye nyuzi 15 hadi 18. Chumba cha Mwanza mchana kina nyuzi 10 zaidi, na mvinyo wa nyuzi 27 hunuka alkoholi na kuonekana kama supu. Iweke chupa kwenye ndoo ya barafu na maji kwa dakika 8 hadi 10, au kwenye friji karibu saa moja, kisha pima. Mgeni akishangaa, mwambie kwa adabu: "Mama, tumeipoza kidogo ili tunda lisikike." Usiizidishe. Chini ya nyuzi 13 tanini hukaza na mvinyo huwa mchungu.

Mimina kidogo kidogo pia. Glasi iliyojaa, kwenye baraza inayoangalia ziwa saa 8 mchana, haitabaki kwenye nyuzi 17 hadi mgeni aimalize.

3. Nyeupe kavu ya Chenin Blanc

Inunue ukishakuwa na zilizotangulia. Zabibu zilizoiva kwenye nchi ya joto hupoteza asidi ya maliki mapema, zikiwa bado mtini. Kwa hiyo mtengenezaji wa nyeupe kwenye jua kali mara nyingi huzuia malolaktiki ili asipoteze na kidogo kilichobaki. Ukiionja baada ya Sauvignon Blanc utajifunza kupima uchachu wa kati, jambo gumu kuliko kupima uchachu mkali.

4. Yenye povu

Hutolewa kwenye nyuzi 6 hadi 10. Inafaa kwa zoezi la kufungua kizibo bila mlio, lakini kwa somo hili haikuongezei mengi.

5. Nyekundu tamu na za boksi: ziache

Sukari huficha asidi, na asidi ndiyo unayotafuta. Hutaweza kujua kama ulaini umetoka kwa bakteria au kwa utamu.

Kabla hujalipa

Chupa iliyosimama dirishani kwenye jua usiichukue hata kwa punguzo. Kizibo kilichoinuka juu ya mdomo wa chupa au alama ya mvinyo uliovuja shingoni ni dalili ya joto. Nyeupe changa iliyogeuka kahawia imeshaguswa na hewa. Kama duka lina chupa ya kifuniko cha kuzungusha, chukua hiyo.

Ukifika nyumbani ukakuta mvinyo usiokusudiwa kuwa na povu unachoma ulimi kwa vipovu, usiseme haraka umeharibika. Baadhi ya nyeupe changa huachwa na gesi kidogo kwa makusudi. Utazame kwenye mwanga: ukiwa angavu na harufu safi, ni salama. Ukiwa na ukungu na harufu ya kabichi iliyochacha, inawezekana bakteria wameanza malolaktiki ndani ya chupa, kwa sababu mtengenezaji hakuimaliza mapema wala kuizuia. Rudisha dukani na risiti.

Kinachobaki kifunge vizuri ukiweke kwenye friji, nyekundu pia. Kesho yake itoe nyekundu mapema, uipime mpaka ifike nyuzi 15 hadi 18, uionje tena ubavuni mwa Chardonnay iliyofika nyuzi 12.